Floti mbili kwenye simtanki, lakini pampu inawaka na kuzima kila dakika sita. Tatizo liko wapi?

#1 mbezi_juu

Wakuu, salamu. Nyumba yangu iko Mbezi, tupo sisi na wapangaji wanne. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao na kuingia kwenye tangi la zege lililochimbiwa ardhini, lita elfu kumi. Pampu ya HP 1 imekaa juu ya mfuniko wa tangi hilo, inavuta na kupandisha maji kwenye simtanki ya lita 5000 iliyo juu ya mnara wa mita sita.

Zamani tulikuwa tunawasha kwa swichi ya ukutani. Mtu akisahau, maji yanamwagika mpaka kwa jirani. Nikaita fundi akafunga otomatiki: floti moja kwenye tangi la ardhini ili pampu isizunguke kavu, na mbili kwenye simtanki, moja karibu na mfuniko, nyingine mita moja chini yake. Zote zinaingia kwenye boksi lenye kontakta na ovalodi. Alinieleza kwamba maji yakishuka hadi floti ya chini pampu itawaka, na yakipanda hadi ya juu itazima.

Haifanyi hivyo. Asubuhi watu wakioga, inawaka na kuzima kila baada ya dakika sita hivi. Simtanki muda wote imejaa karibu na mfuniko, utadhani floti ya chini haipo. Halafu inapokaribia kuzima kontakta inalia trrrr kwa sekunde mbili tatu. Kontakta ya kwanza nimeshaitupa, nyuso zake za shaba zilikuwa nyeusi na zimegandana. Mwezi uliopita pampu nayo imebadilishwa sili iliyoungua, na siku hiyo tangi la chini lilikuwa na maji.

Fundi hapokei simu. Naomba mawazo.

#2 Mwenye Ploti

Umeme mdogo huo. Mimi jioni hapa kwangu volti zinashuka mpaka 180 na kontakta inalia hivyo hivyo. Koili ikikosa nguvu inaachia, ikiachia volti zinapanda, inashika tena. Nunua stabilaiza, usihangaike na floti.

#3 Bombani

Mkuu, mimi ni fundi bomba, haya nimeyaona sana. Floti zako zimefungwa fupi. Hizi za waya zinafanya kazi kwa kupinduka. Ile sehemu ya waya iliyobaki huru, kuanzia ulipofunga hadi kwenye floti yenyewe, ndiyo inayoamua maji yashuke kiasi gani kabla ya kuwasha. Ukiacha sentimita 30, floti inazunguka duara kubwa, na maji yanatembea kama sentimita 40 kati ya kuwasha na kuzima. Ukiifunga shingoni, inapinduka papo hapo, na sentimita mbili tatu tu zinatosha kuigeuza. Panda ukaangalie.

Halafu naona huyo fundi amezifunga mfululizo, ndiyo maana zinagombana.

#4 Mzee wa Paneli

Bombani, kwenye urefu wa waya uko sahihi kabisa. Kwenye mfululizo hapana, na dalili yenyewe inakukatalia. Floti zote mbili zinaunganisha umeme zikining'inia. Zingekuwa mfululizo, pampu isingewaka mpaka zote zining'inie, yaani maji yawe chini ya ile ya chini. Yangecheza mita moja chini ya floti ya juu. Yeye anasema simtanki imejaa muda wote. Basi zimefungwa sambamba, yoyote ikining'inia pampu inawaka, na ya juu ndiyo inayoning'inia kwanza.

Mleta uzi, zima breka, fungua boksi, uniambie mambo matatu. Je, kwenye kontakta, terminali namba 13 na 14 zina waya? Waya wa floti mbili za juu zinaingia sehemu moja au mbili tofauti? Na ule mlio wa trrrr, ni wakati wa kuwasha au wakati wa kuzima? Volti ndogo hulia wakati wa kuwasha, kwa sababu mota ya pampu inapoanza ndipo inavuta umeme mwingi. Mlio wa wakati wa kuzima una chanzo kingine.

#5 Mkulima Singida

Ndugu yangu, hata mimi ilinitesa. Kisima changu kina mita 80, pampu iko chini, niliweka elektrodi. Maji yakishuka chini ya elektrodi pampu inazima, lakini pampu ikizima tu maji kisimani yanapanda haraka, yanagusa elektrodi, inawaka tena. Kila dakika moja! Nikaambiwa niongeze elektrodi ya pili mita kumi juu ya ya kwanza, na taima ya nusu saa. Sasa ikizima inasubiri kisima kijikusanye. Jaribu hivyo kwenye kisima chako.

#6 Chapa Lapa

Mzee wa Singida, mwenzio hana kisima, ana tangi la zege. Hizo mita kumi za elektrodi azichimbie wapi, sebuleni kwa mpangaji? 😄

#7 Mkulima Singida

Basi nimesoma haraka. Lakini jambo ni lile lile, ukiwashia na kuzimia mahali pamoja pampu haitulii.

#8 mbezi_juu

Nimepanda mnarani na nimefungua boksi. Mzee, 13 na 14 hazina waya wowote. Waya za floti mbili za juu zimesokotwa pamoja, zinaingia sehemu moja. Mlio ni wakati wa kuzima, ingawa jioni mara moja moja nimeusikia na wakati wa kuwasha.

Bombani, uliotea. Floti zote mbili zimebanwa shingoni kwa kamba za plastiki, tena kwenye bomba lile lile linaloleta maji. Bomba linaingia kwa juu kisha limeshushwa ndani ya simtanki kama nusu mita ili maji yasipige kelele. Pampu ikifanya kazi bomba linatikisika na floti zinatikisika nalo. Nilipima kwa rula: kutoka inapowaka mpaka inapozima ni sentimita tatu.

Na nimesahau kusema, hata usiku wa manane, watu wamelala na bomba zote zimefungwa, inawaka. Kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja alfajiri nimehesabu mara tatu.

#9 Mzee wa Paneli

Ahsante, sasa tuna cha kuzungumza.

Simtanki ya 5000 ya kwako ina upana wa karibu mita 1.8, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 25 hivi. Sentimita zako tatu ni lita 75. Pampu ya HP 1 kwa mnara huo tuseme inatoa lita 50 kwa dakika, na asubuhi nyumba inatumia 20. Lita 75 zinaisha kwa dakika tatu na robo tatu. Pampu ikiwaka, zinazobaki kupanda ni 30 kwa dakika, kwa hiyo inajaza kwa dakika mbili na nusu. Jumla dakika sita na robo. Hiyo ndiyo dakika sita yako. Hakuna jini humo.

Kilichokosekana ni kumbukumbu. Floti mbili peke yake hazijui pampu ilikuwa inafanya nini dakika moja iliyopita. Maji yakiwa katikati ya floti mbili, jibu linatakiwa kuwa "endelea ulivyokuwa": kama ilikuwa inajaza iendelee kujaza, kama ilikuwa imezima ibaki imezima. Hilo linafanywa na mguso wa pembeni wa kontakta yenyewe, 13 na 14, kontakta inajishikilia. Floti ya chini kazi yake ni kuanzisha tu. Floti ya juu kazi yake ni kukata tu. Umeme wa koili unapita hivi:

```
L -- 95/96 -- F3 -- F2 -- ( F1 // 13/14 ) -- A1
N -- A2
```

F3 ni ya tangi la ardhini, iunganishe ikielea na ikate ikining'inia. F2 ni ya juu kwenye simtanki, F1 ya chini, hizo mbili ziunganishe zikining'inia. 95/96 ni ya ovalodi. Floti nyingi zina waya tatu ndani, na mmoja ni wa pamoja. Usiamini rangi, zinatofautiana. Chukua mita, pindua floti kwa mkono, utafute jozi unayoitaka.

Sasa lita zako zitakuwa za mita nzima, yaani 2500. Kama hakuna anayetumia, pampu inajaza kwa dakika hamsini kisha inalala.

#10 Mwenye Ploti

Mzee, mimi nina floti moja tu, haina hiyo 13 wala 14, haina kontakta, imeunganishwa moja kwa moja na pampu ya HP 1 mwaka wa pili huu. Haiwaki ovyo. Kwa hiyo hiyo kumbukumbu siyo lazima.

#11 Bombani

Kwa sababu yako bila shaka ina waya mrefu huru. Floti moja yenye waya mrefu inabeba pengo lake yenyewe: ikining'inia inakaa hivyo mpaka maji yaivute juu, ikielea inakaa hivyo mpaka yashuke sana. Hapo kumbukumbu iko kwenye mkao wa floti. Mleta uzi angeweza hata kutupa ile ya chini, akaachia waya wa ya juu sentimita 50, akapata pengo la sentimita 70. Rahisi kuliko kufungua boksi.

#12 Mzee wa Paneli

Nakubaliana na Bombani, inawezekana, na kwa nyumba nyingi inatosha. Ubaya wake ni kwamba waya mrefu unahitaji nafasi ya kuzunguka. Ukigusa ukuta au ukajizungusha kwenye bomba, floti inakwama. Ikikwama juu mnakosa maji, ikikwama chini mnamwagika. Kwa bomba lake lililoning'inia katikati ya tangi, ningeogopa.

Mwenye Ploti, angalia maandishi kwenye floti yako. Utakuta kitu kama 10(4) A. Ile iliyo kwenye mabano ndiyo ya mota, siyo ile kubwa. HP 1 inakula kama ampia tano ikizunguka, na inapoanza inavuta mara tano au sita ya hizo kwa muda mfupi. Siku migusano ya ndani ikigandana, floti itaelea na pampu haitazima. Mbona kontakta ya mleta uzi iligandana, nayo ni kubwa kuliko floti yako.

#13 Mwenye Ploti

Nimeangalia. 10(4). Nimenyamaza.

Ila kwenye volti sijashindwa, amesema jioni inalia wakati wa kuwasha.

#14 kijana_wa_kodi

Wakuu, mbona mnahangaika na terminali? Mimi nilifanya kwa Arduino na sensa ya sauti JSN-SR04T iliyofungwa kwenye mfuniko. Inapima umbali kutoka mfuniko hadi maji. Pengo lote ni mistari michache:

```
long t = pulseIn(ECHO, HIGH, 30000);
int cm = t / 58;
if (t == 0)        pampu = false;
else if (cm > 130) pampu = true;
else if (cm < 40)  pampu = false;
digitalWrite(RELAY, pampu);
```

Umbali ukizidi 130 inawasha, ukipungua 40 inazima, katikati haigusi kitu. Ndiyo kumbukumbu ya Mzee, ila imeandikwa. Mstari wa t == 0 ni kwa ajili ya sensa isipojibu, bora ikose kujaza kuliko imwage.

#15 Chapa Lapa

Kijana, umeacha nafasi tupu kati ya 40 na 130 bila kuandika kitu na bado unaita programu. Kazi nzuri ya kulipwa kwa kutofanya kitu. 😄

#16 Mzee wa Paneli

Chapa, hapo pasipoandikwa kitu ndipo ilipo akili ya jambo lenyewe. Kijana amepatia.

Nimpe tahadhari mbili tu. Sensa hiyo haioni vizuri kitu kilicho karibu yake chini ya sentimita 20 hadi 25. Umeweka 40, uko salama, lakini mtu akinakili na kuweka 10 ili tangi lijae zaidi, sensa itasoma namba za uongo na maji yatamwagika. Ya pili, bodi nyingi za rilei zinawaka zikipewa LOW, siyo HIGH. Ukiziunganisha na mistari hii kama ilivyo, kila kitu kitakuwa kinyume: tangi likijaa inawasha. Jaribu kwa taa kabla ya pampu.

#17 kijana_wa_kodi

Yangu inawaka kwa HIGH, niliichagua kwa makusudi. Lakini ni kweli, nilipaswa kusema.

#18 Mama Chanika

Mimi siyo fundi, nina la kuuliza na la kusema. Kwetu floti iliunganishwa na umeme wa nyumba kama ulivyo. Baada ya muda ganda la waya likapasuka mle ndani ya tangi. Binti yangu akawa analalamika kila akigusa bomba la jikoni mkono unamsisimka. Tulidhani ni utani. Fundi mwingine alipokuja na testa, bomba liliwasha taa ya testa. Sasa nawasikia mnazungumza floti tatu ndani ya maji ya kunywa, na hakuna aliyetaja hili. Mnalizuiaje?

#19 Mzee wa Paneli

Mama, umesema jambo ambalo ningepaswa kuanza nalo, shikamoo.

Njia ninayoitumia mimi ni kuweka transfoma ndogo ndani ya boksi, floti zote zinapitisha volti 24 tu, na kontakta ina koili ya volti 24. Waya ukipasuka hakuna wa kudhurika. Pamoja na hilo, pampu ipite kwenye breka inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, na waya wa ardhi uwepo kweli, siyo kuchomekwa tu kwenye soketi. Ukiwa na breka hiyo, umeme unaovuja ukifika kiwango hicho inakata. Na maungio ya waya yasikae ndani ya tangi, waya wa floti utoke mzima mpaka kwenye boksi.

Elektrodi za Singida nazo zilishwe umeme wa AC mdogo. Ukiweka DC zinaliwa upande mmoja.

#20 Mkulima Singida

Zangu haziliwi, zinaota chumvi. Maji yetu ya chumvi. Kila baada ya miezi michache nazitoa kuzisugua, vinginevyo mita inasema kuna maji wakati hakuna.

#21 Bombani

Turudi kwenye usiku wa manane, kwa sababu hata mkiweka hiyo 13 na 14, maji yanayopotea usiku yatapotea vile vile, mtaacha tu kuyasikia.

Mara tatu kwa sentimita tatu ni sentimita tisa. Kwa hesabu ya Mzee ni lita 225 kwa saa tano, kama lita 45 kwa saa. Mimi namshuku yule bomba aliyeshushwa nusu mita ndani ya maji. Pampu ikizima, bomba lote limejaa maji kutoka simtanki mpaka chini. Nonritani ikiwa inapitisha, maji yanageuka na kurudi kwenye tangi la ardhini, yananyonywa kupita juu ya ukingo kama mtu anavyonyonya petroli kwa mpira. Yataendelea mpaka maji yashuke chini ya mdomo wa bomba.

Dawa yake ni ndogo: toboa tundu la milimita sita kwenye bomba, ndani ya simtanki, juu ya kimo cha maji. Pampu ikizima hewa inaingia na unyonyaji unakatika.

#22 Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Naangalia jengo la ghorofa nne hapa. Bombani, umesema kweli lakini subiri kidogo kabla hajatoboa. Ili maji yarudi mpaka tangi la chini, lazima yapite nonritani, yapite pampu, kisha yapite na ile valvu ya mguuni iliyo mwisho wa bomba la kuvutia. Kwa hiyo mbovu ni mbili, siyo moja. Sasa hivi hayo maji yanayorudi ndiyo yanayoiweka pampu yake imejaa. Akitoboa tundu, bomba litamwaga yote usiku kupitia ile valvu ya mguuni, asubuhi pampu inaamka tupu na inazunguka kavu, na F3 itasema kila kitu kiko sawa kwa sababu tangi la chini limejaa.

Hivi ndivyo nilivyounguza sili mimi. Floti ya chini inajua maji yaliyo tangini, haijui maji yaliyo ndani ya pampu.

#23 mbezi_juu

Mvita, umenishtua. Mwezi uliopita maji ya mgao hayakuja siku nne. Tangi la chini likaisha, simtanki tukaikausha kabisa. Yalipokuja usiku, asubuhi nikakuta pampu inavuma, moto, haitoi kitu, tangi la chini limejaa. Ndiyo siku sili ilipoungua.

#24 Mvita

Basi ndiyo hiyo. Simtanki iliposhuka chini ya mdomo wa bomba, hewa ikaingia, bomba likamwagika, pampu ikabaki tupu. Maji yalipokuja F3 ikaelea, ikatoa ruhusa, pampu ikazunguka kavu usiku kucha. Sili inapozwa na maji hayo hayo inayoyazuia, bila maji haichukui muda.

#25 Mwenye Ploti

Lakini ana ovalodi. Ingekata.

#26 Mzee wa Paneli

Haikati, ndugu. Ovalodi inaangalia umeme uliozidi, na pampu kavu inakula umeme mdogo kwa sababu haibebi kitu. Nimewahi kupima pampu kama hiyo, ampia 5.2 ikipandisha maji na 3.8 ikiwa kavu. Kuna rilei zinazokata umeme ukipungua, ila kwa mota ndogo ya fezi moja tofauti ni ndogo hivyo, na volti zikipanda na kushuka unajikuta inakata ovyo au haikati kabisa.

Ila Mvita, sikubali haraka kwamba kisa ni kimoja tu. Floti ya F3 imefungwa kimo gani? Kama fundi aliyefunga zile za juu shingoni ndiye aliyefunga hii, inawezekana inakata maji yakiwa tayari yamefika kwenye valvu ya mguuni. Pale pampu inaanza kunyonya hewa kwa kuzungusha maji kama kimbunga kabla floti haijaanguka. Sili inaweza kuwa ilishaumia siku tangi lilipokuwa linaisha, siyo siku lilipojaa.

#27 Mkulima Singida

Yangu ya kisimani hiyo rilei ya umeme kupungua inakata vizuri sana, sijawahi kujuta. Labda kwa sababu ni ya fezi tatu.

#28 Mvita

Mimi niliweka swichi ya mtiririko kwenye bomba la kutolea na taima ya sekunde 40. Pampu ikiwaka inapewa hizo sekunde, kama maji hayajapita inazima na inabaki imezima mpaka mtu aje abonyeze. Nilisisitiza hilo la kubonyeza. Ikijiwasha yenyewe kila baada ya dakika kumi, inaungua polepole badala ya haraka.

Na nina swali kwa Mzee. Kwa mchoro wako, umeme ukikatika maji yakiwa katikati ya F1 na F2, kontakta inaachia. Umeme ukirudi F1 inaelea, 13/14 imeachia. Haitawaka mpaka maji yashuke hadi F1. Kwa mtu wa mgao, si anakosa nafasi ya kujaza?

#29 Mzee wa Paneli

Ni kweli, hiyo ndiyo gharama yake. Weka kitufe cha kubonyeza sambamba na F1, mtu akiona simtanki haijajaa anabonyeza mara moja inaendelea mpaka ijae. Kwa F3 ni hivyo hivyo: ikikata katikati ya kujaza, haitawaka tena hadi F1 ining'inie au mtu abonyeze. Kwa upande huo mimi naona ni faida, tangi la chini linapata muda wa kujikusanya.

#30 kijana_wa_kodi

Yangu baada ya umeme kukatika inaanza na pampu = false, kwa hiyo tatizo lile lile. Sikuwahi kuligundua.

#31 mbezi_juu

Mrejesho. Jumamosi nimepata fundi umeme mwingine, tumefuata mchoro wa #9. Floti zimetolewa kwenye bomba, zimefungwa kwenye fimbo ya plastiki upande wa pili wa simtanki, waya huru sentimita 15. Transfoma ya volti 24 imewekwa, Mama Chanika ahsante. Tangu jana pampu imewaka mara mbili tu, na trrrr ya kuzima imekwisha. Ya kuwasha nimeisikia jana jioni mara moja.

F3 tumeikuta inakata maji yakiwa sentimita tano juu ya valvu ya mguuni. Tumeipandisha, sasa inakata sentimita 30 juu yake. Kwa hiyo Mzee na Mvita kila mmoja ana ushahidi wake.

Usiku nilizima pampu kabisa, nikafunga geti valvu inayopeleka maji nyumbani, nikaweka alama. Alfajiri maji yameshuka sentimita mbili. Siyo tisa, lakini siyo sifuri.

#32 Bombani

Sentimita saba basi zilikuwa zinaenda nyumbani. Angalia matangi ya vyoo, tia rangi kidogo mle ndani usiku uone kama sinki litabadilika rangi. Hizo mbili zilizobaki ndizo zinazorudi kwa bomba langu.

#33 Mvita

Au geti valvu yenyewe haifungi mpaka mwisho. Zile za shaba zikizeeka hazifungi. Lita 50 kwa usiku ni tone nene tu, choo kile kile kinaweza kuzipokea.

#34 Mwenye Ploti

Na hiyo ya kuwasha jioni ni volti. Nilisema tangu #2.

#35 Mzee wa Paneli

Kwa hiyo ya kuwasha nakuunga mkono, ila apime volti kwenye boksi pampu inapoanza, siyo kwenye soketi ya sebuleni. Sasa ana koili ya 24 inayolishwa na transfoma, volti zikishuka kule na huku zinashuka kwa uwiano ule ule.

Kuhusu zile sentimita mbili, afungue plagi ya kujazia maji juu ya pampu alfajiri kabla haijawaka, nonritani ikiwa imefungwa na geti lake. Maji yakibaki yamejaa mpaka juu bila kushuka, valvu ya mguuni inashika na Bombani amekosea. Yakishuka, au kukiwa tupu, asitoboe tundu mpaka aibadilishe.

#36 mbezi_juu

Juu ya nonritani hakuna geti. Bomba linatoka pampu moja kwa moja hadi juu. Nikifungua plagi nitaoga.

#37 Bombani

Basi anza na hilo geti. Njoo inboksi nikutajie vipimo vya uniani.